Nusu marathoni au marathoni kamili kwa mara ya kwanza? Maswali ya wakimbiaji wa Mwanza wenye muda mchache

Tangu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, Septemba 2025, watu wanaoniuliza habari za 42, yaani kilomita 42 za marathoni kamili, wameongezeka. Wananiuliza kwa simu, nje ya kanisa, na asubuhi tunapokutana Capri Point kwa mazoezi. Wengi wana kazi, wana watoto, na wakijibana sana wanapata saa tatu au nne za kukimbia kwa wiki. Majibu haya nimewaandikia hao.

Nina saa nne tu kwa wiki. Nichukue 21 au 42?

Chukua 21.

Watu hudhani swali ni "nitamaliza au sitamaliza". Mimi huwauliza kitu kingine: mazoezi yako marefu kuliko yote yatafika kilomita ngapi kabla ya siku ya mbio? Mtu wa saa nne kwa wiki anaweza kufikisha kilomita 15 au 16 bila kujiumiza. Kwa nusu marathoni, ambayo ni kilomita 21.1, hizo ni karibu robo tatu ya safari, na kipande kinachobaki mwili unakimudu. Kwa marathoni ya kilomita 42.195, hizo 16 hazifiki hata nusu. Maana yake kilomita 26 zinazobaki utazijua kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, umeshachoka, jua limeshapanda.

Anayejiandaa vizuri kwa 42 hufanya angalau mazoezi mawili au matatu ya kilomita 28 hadi 32. Ili miguu ibebe kilomita 30 Jumapili bila kuvunjika, siku nyingine za wiki nazo ziwe na kilomita zake. Mimi napenda mbio ndefu isizidi sana nusu ya kilomita zote za wiki. Kwa hiyo 30 za Jumapili zinadai wiki ya karibu kilomita 60, na kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita hizo ni saa saba. Kama huna saa saba, huna mazoezi ya 42.

Mbona 42 ni 21 mara mbili tu? Nikikimbia polepole si nitafika?

Kwa umbali ni mara mbili. Kwa mwili ni mbio nyingine kabisa, na sababu kubwa ni akiba ya nguvu.

Mwili hutunza wanga kwenye misuli na kwenye ini. Ukiwa umekula vizuri, akiba hiyo ni kama kalori 1,800 hadi 2,000. Kukimbia nako kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 68 atatumia kalori 1,430 hivi kwa nusu marathoni, na karibu 2,870 kwa marathoni kamili. Hesabu hiyo inaonyesha kila kitu: kwa 21 akiba inatosha na chenji inabaki, kwa 42 haitoshi hata ukianza umejaa.

Utasema mwili una mafuta pia. Ndiyo, na hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumtosha marathoni kadhaa. Lakini mafuta ni kama gogo nene jikoni: linawaka muda mrefu, ila huwezi kuharakisha moto wake. Wanga ukiisha ukabaki na mafuta peke yake, mwendo unashuka utake usitake. Ndiyo maana wakimbiaji wengi huzima kati ya kilomita ya 30 na ya 35. Dalili zake ni za ghafla: miguu inakuwa mizito kama umefungiwa mawe, unaanza kusikia baridi wakati jua linawaka, hesabu ndogo ya kilomita zilizobaki inakushinda kichwani, na unapata hasira au kutaka kulia bila sababu.

Kukimbia polepole kunasaidia, kwa sababu mwendo mdogo unatumia mafuta zaidi na kuuhifadhi wanga. Lakini polepole nako kuna gharama yake. Anayetumia saa tano na nusu barabarani anapiga hatua nyingi zaidi, anapigwa na jua muda mrefu zaidi, na anahitaji kula na kunywa njiani mara nyingi kuliko aliyemaliza kwa saa tatu. Mwenye mazoezi machache ndiye huyohuyo anayekaa njiani muda mrefu kuliko wote.

Nipimeje muda wangu halisi?

Usihesabu muda unaotamani kuwa nao. Hesabu uliokuwa nao wiki nne zilizopita. Chukua daftari, andika kila siku ulipata dakika ngapi ambazo ungeweza kukimbia bila kumnyima mtu chakula wala kuchelewa kazini. Halafu ondoa wiki moja katika kila nne, kwa sababu patatokea msiba, mtoto ataumwa, mzigo utachelewa. Unachobaki nacho ndicho muda wako.

Nitaeleza kwa mfano wa dada mmoja wa kikundi chetu, kwa ruhusa yake. Ana miaka 34, kilo 68, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Saa 11 alfajiri yuko sokoni, kwa hiyo asubuhi za kazi hazipo. Alikuja akasema, "Kocha, nataka 42. Nikishalipia nataka kulipia kitu kikubwa." Wakati huo aliweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama.

Tulikaa tukahesabu. Jumanne na Alhamisi jioni, baada ya kufunga meza, dakika 45 kila siku. Jumapili asubuhi kabla ya ibada, saa mbili. Jumla saa tatu na nusu. Mwendo wake wa raha ulikuwa dakika 7 na nusu kwa kilomita, kwa hiyo jioni moja ni kilomita 6, na Jumapili yake ndefu kabisa ni 16. Wiki nzima 28.

Nikamwambia apige hesabu ya mazoezi ya kilomita 30 kwa mwendo huo. Ni saa tatu na dakika 45. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni wiki yangu yote na inazidi." Hakuhitaji maneno mengine, akajiandikisha 21.

Tulikuwa na wiki 14. Jumapili ya kwanza alikimbia kilomita 8, ya pili 9, ya tatu 10. Ya nne tulirudi 8 ili miguu ipumue, kisha 11, kisha 12. Jumanne ilikuwa ya polepole kabisa. Alhamisi, kuanzia wiki ya tano, alipasha mwili kwa dakika 15, akakimbia dakika 20 kwa mwendo anaotarajia kuushika siku ya mbio, yaani dakika 7 kwa kilomita, akamalizia polepole. Hayo tu, basi.

Wiki ya saba akapata malaria. Alipimwa, akamaliza dozi, na siku zote kumi hakukimbia hata hatua moja. Wiki ya tisa alianza tena na 8, halafu 11, 13, na wiki ya kumi na mbili 15. Ile 16 tuliyoipanga hatukuifikia na sikuilazimisha. Wiki ya kumi na tatu alikimbia 10 tu, ya kumi na nne ikawa mbio. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 28. Kilomita tatu za mwisho zilimuuma, aliniambia, lakini hakutembea.

Ninachotaka uone kwenye mfano huu ni ile malaria. Kanda yetu ya ziwa homa ni sehemu ya mwaka. Ratiba ya 21 ilipoteza wiki mbili ikabaki imesimama. Ratiba ya 42 ikipoteza wiki mbili pale kwenye mbio ndefu, inabidi ama uruke kilomita au ujiondoe, na wengi huruka.

Lakini namjua mtu alikimbia 42 bila mazoezi na akamaliza.

Na mimi nilimaliza. Naomba nikueleze nilivyomaliza.

Marathoni yangu ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita nje ya Mwanza, niliingia nikiwa mazoezi yangu marefu kabisa ni kilomita 21, na hizo nilizifanya mara moja. Nusu ya kwanza nilijisikia vizuri mno, nikawapita watu. Kwenye kilomita ya 29 shavu la mguu wa kulia lilianza kurukaruka chini ya ngozi, nikaona kwa macho yangu msuli unacheza wenyewe. Kilomita ya 31 ulikaza, nikakaa chini ukingoni mwa lami. Kuanzia hapo nilitembea, nikikimbia hatua hamsini, nikitembea tena. Nilipofika meza ya maji ya kilomita ya 35 ilikuwa imeshafungwa, wahudumu wanapakia chupa tupu kwenye gari. Kijana mmoja wa dukani alinipa maji ya kunywa bure, na nilipoyapokea mikono ilitetemeka hadi yakamwagika.

Nilimaliza kwa saa tano na dakika 40. Medali ninayo. Siku tatu nilishuka ngazi kinyumenyume, na maumivu ya goti yaliyofuata yalininyima kukimbia karibu miezi minne. Hiyo miezi minne ndiyo bei ambayo hawa wanaosimulia "nilimaliza tu" hawaitaji.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kumaliza. Kabla ya kulipia uliza pia muda wa mwisho wa kumaliza ni saa ngapi, kwa sababu mbio nyingi hufungua barabara kwa magari baada ya muda huo, na vituo vya maji huondolewa.

Mimi nabeba mizigo bandarini, na wikiendi nacheza mpira. Mwili wangu tayari ni mgumu. Si naweza kuanza na 42?

Moyo na mapafu yako huenda viko mbele ya mwenzako wa ofisini, na hiyo ni faida ya kweli. Kinachobaki nyuma ni kano, mifupa na nyayo. Mpira ni kukimbia na kusimama kwa dakika 90, mizigo ni nguvu za mgongo na mapaja. Marathoni ni kishindo kilekile kidogo, mguu uleule, mara elfu nyingi bila kupumzika. Pumzi huzoea ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi. Hapo ndipo vijana wenye nguvu wanapoumia: pumzi inawaambia waendelee wakati kano ya kisigino bado haijawa tayari.

Tena kazi yako nayo ni mazoezi, hata kama huiandiki kwenye daftari. Ukishinda unapakua mizigo Jumamosi, Jumapili huanzi na miguu mipya. Anza na 21, na siku ndefu iwe baada ya siku nyepesi ya kazi.

Nitajuaje kwamba sikimbii kwa kasi mno mazoezini?

Ongea. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari ndefu, sentensi nzima bila kuikata katikati kutafuta pumzi, uko sawa. Ukijibu "ndiyo" na "hapana" tu, umezidisha. Ukiwa peke yako, sali au imba kwa sauti ya kawaida.

Mwenye muda mchache hushawishika kufanya kila dakika iwe ya kasi ili "isipotee". Hiyo huleta maumivu ya mfupa wa mbele ya mguu. Kwa siku tatu za wiki, moja tu iwe na kipande cha kasi.

Jumapili ndefu nikimbilie wapi na saa ngapi?

Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, na ikifika saa 3 lami imeshaanza kurudisha joto. Kwa hiyo dirisha lako zuri ni kama saa mbili na nusu. Hilo peke yake linaipendelea 21, maana mbio ndefu ya saa mbili inaingia humo yote. Mbio ya saa nne ya mwenye kujiandaa na 42 inabidi ianze gizani, na barabara zetu gizani zina bodaboda zisizo na taa, mbwa, na mitaro isiyofunikwa. Ukilazimika, mkimbie wawili au zaidi, muvae nguo za kung'aa, na mkimbie upande wa kukabili magari.

Kuzunguka Capri Point kunapendeza, kuna upepo wa ziwa na magari machache, ila kuna vilima. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege kupitia Kirumba na Pasiansi ni tambarare zaidi na ukingo wake unafaa asubuhi ya Jumapili. Wa kusini hutumia barabara ya Nyegezi kuelekea Mkolani na Buhongwa. Mimi hupanga njia ya kurudi palepale, kwa mfano kilomita 5 mara tatu ukipita nyumbani au dukani, ili maji yawe karibu na ukichoka usiwe mbali na kwenu.

Kilima cha Bugando na vile vya Isamilo ni vizuri mara moja moja, jioni fupi. Usiviweke kwenye siku ndefu mwezi wa kwanza. Kuteremka ndiko kunakopasua mapaja kuliko kupanda.

Baada ya mbio naruhusiwa kuingia ziwani kupoza miguu?

Naomba usifanye hivyo. Kwenye kingo za ziwa letu, hasa penye maji yaliyotulia na majani, kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi nzima, huhitaji kuwa na kidonda. Dakika chache zinatosha. Tumia beseni la maji ya bomba nyumbani. Kama umeshazoea kuingia ziwani, nenda kituo cha afya ukapime, dawa yake ipo.

Nile nini na ninywe nini? Kuna tofauti kati ya 21 na 42?

Kwa 21, tofauti na unachokula kila siku ni ndogo. Usiku wa kuamkia mbio kula wanga uliouzoea: ugali, wali, viazi vitamu, hata michembe iliyopikwa kama tumbo lako limeizoea. Punguza maharage na mboga nyingi za majani siku hiyo, kwa sababu zitakutafutia choo njiani. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza, uji mwepesi wenye sukari au ndizi mbili na chai. Njiani, maji kidogo kwenye vituo na glukosi kidogo baada ya saa moja vinatosha.

Kwa 42 chakula cha njiani ni lazima, nacho kinafanyiwa mazoezi kama miguu. Unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia mapema, kabla njaa haijaja. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Kijiko kikubwa cha glukosi kina kama gramu 15. Wengine hutumia tende, wengine soda iliyotolewa gesi. Chochote utakachochagua, kiwe umeshakila ukikimbia mbio ndefu nne au tano, kwa sababu tumbo linalotikiswa halikubali vitu vigeni. Na hizo mbio ndefu nne au tano ndizo ambazo mtu wa saa nne kwa wiki hana.

Maji yana hatari pande zote mbili. Ya kukaukiwa mnaijua. Ile nyingine ni kunywa kupita kiasi, na huwapata zaidi watu wa polepole walio njiani saa nne au tano, wanaosimama kila kituo kujaza tumbo. Chumvi ya damu inashuka, vidole vinavimba hadi pete inabana, kichwa kinauma, kichefuchefu, na mtu anaanza kuchanganyikiwa. Huyo usimpe maji zaidi, mpeleke kwa madaktari wa mbio haraka. Kunywa unaposikia kiu. Kama utakaa njiani zaidi ya saa tatu, hakikisha sehemu ya unachokunywa ina chumvi, na mchanganyiko wa ORS unafaa.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni usinywe asubuhi ya mbio ili "kuzuia maumivu". Ukiwa umekaukiwa maji vinaweza kuumiza figo.

Viatu vya mtumba vinafaa?

Vinaweza kufaa. Ukienda Mlango Mmoja, weka kiatu juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, kiache. Bonyeza soli kwa kidole gumba pembeni, ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi, imeshakufa hata kama juu inang'aa. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole kubwa, mguu huvimba. Kikimbilie wiki nne kabla ya mbio, kisiwe kipya siku hiyo.

Nimeshalipia 42 na zimebaki wiki nane. Mazoezi yangu marefu ni kilomita 12. Nifanyeje?

Kwanza wapigie waandaaji uombe kubadilishiwa uingie 21. Mbio nyingi huruhusu hadi tarehe fulani, na kushuka ni rahisi kuliko kupanda. Usione aibu.

Wakikataa, usijaribu kufidia kwa kuruka kutoka 12 hadi 20 hadi 28. Ongeza kilomita mbili kwa wiki, kila wiki ya nne punguza, na acha mbio ndefu ya mwisho wiki tatu kabla. Utafika 18 hivi, na siku ya mbio utakuwa na mawili ya kuchagua. La kwanza ni kukimbia hadi 21 na kutoka kwa hiari yako, ukiwa mzima. La pili ni kukimbia dakika nne na kutembea moja, kuanzia dakika ya tano ya mbio na sio kuanzia ukishachoka, ukijua kabla ya kuanza kwamba unaelekea saa tano na nusu au zaidi. Kama muda wa mwisho wa kumaliza uko chini ya hapo, chaguo limebaki moja.

Nawaambia watu wangu wachague la kwanza. Nilishaona wanaochagua la pili wakifanya vizuri, lakini ni wale waliokubali kutembea wakati kila mtu anawapita mwanzoni, na hao si wengi.

Kuna mtu ambaye ungemwambia aanze na 42 moja kwa moja?

Wapo. Mtu aliyekimbia mwaka mzima siku nne au tano kwa wiki bila kuumia, wiki zake zina kilomita 40 hadi 50, na kwa wiki kumi zijazo maisha yake yanampa saa sita au saba za uhakika. Huyo hata kama hajawahi kuvaa namba kifuani, mwili wake umeshakimbia nusu marathoni nyingi. Mwalimu aliye likizo ndefu naye huweza kuwa na muda huo, ilimradi alikuwa anakimbia kabla likizo haijaanza.

Dalili gani ziniambie nisimamishe mazoezi?

Maumivu ya pande zote mbili, yanayopungua ukishapasha mwili, kwa kawaida ni uchovu. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, hasa kwenye mfupa, na yanayozidi kadiri unavyokimbia, simama siku hiyohiyo. Ukichechemea, zoezi limeisha. Homa ya aina yoyote, usikimbie, kapime. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kudunda ovyo, muone daktari kabla ya kukimbia tena. Kama una zaidi ya miaka 40, au una presha au kisukari, muone kabla hata ya kuanza.

Nikimaliza 21 vizuri, lini niende 42?

Baada ya nusu marathoni, wiki moja ya kutembea na kukimbia kidogo hutosha wengi, wiki mbili kama iliuma. Halafu rudi kwenye daftari lako la muda. Kipimo changu ni hiki: chukua muda wako wa 21, uzidishe kwa mbili, ongeza nusu saa kama wiki zako zina kilomita chini ya 40. Yule dada wa Mwaloni, kwa saa 2 na dakika 28, anapata karibu saa tano na nusu. Jiulize kama uko tayari kukaa barabarani muda huo, na kama mbio unayoitaka inauruhusu.

Wengi wa huku huitazama Kilimanjaro Marathon ya Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kumbuka kule kuna mlima wa kuelekea Mweka, na kwa njia iliyozoeleka wa 42 huukuta baada ya nusu ya kwanza. Anayetoka kwenye barabara tambarare ya Pasiansi afanye vilima vya Isamilo miezi mitatu kabla.

Kabla ya kulipia, fanya jaribio la wiki sita: kimbia siku nne kwa wiki, na Jumapili zifike 18, 20, kisha 22. Usipokosa zaidi ya mazoezi mawili na ukaamka Jumatatu ukitembea kawaida, lipia. Yule dada yuko wiki ya tatu ya jaribio hilo. Siku ya nne aliipata Ijumaa, baada ya wifi yake kukubali kukaa mezani sokoni kuanzia saa 9 alasiri, na Jumapili iliyopita alifika 18.